Miungu Waliojificha: Majina ya Siku, Miezi na Sayari katika Kiswahili

Makala haya yanachunguza dai linalosikika mara kwa mara miongoni mwa walimu na wafasiri, kwamba kalenda ya Mswahili haina athari ya miungu ya kale. Dai hilo lina ukweli kwa upande wa siku. Kwa upande wa miezi halina, na kwa upande wa sayari jibu lake limefichika zaidi.

Tuanze na siku. Katika Kifaransa, ambacho wengi wa wenzetu wa Kongo na Burundi wamesomea, Jumatatu ni siku ya Mwezi, Jumanne ya Marsi, Jumatano ya Merkuri, Alhamisi ya Jupita na Ijumaa ya Venusi. Kwa nini mpangilio huo haufuati umbali wa sayari angani? Maelezo yanayojulikana zaidi yameandikwa na mwanahistoria Kasio Dio, mwanzoni mwa karne ya 3. Wanajimu wa kale walizipanga nuru saba kuanzia iliyo mbali: Zohali, Mshtarii, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi. Kila saa ya siku ilikabidhiwa nuru moja kwa zamu, na iliyoshika saa ya kwanza iliipa siku nzima jina lake. Ikiwa Zohali inashika saa ya kwanza, itaishika pia saa ya 8, ya 15 na ya 22. Saa ya 23 ni ya Mshtarii, ya 24 ni ya Mirihi, na saa ya kwanza ya siku inayofuata inaangukia Jua. Kwa hiyo baada ya siku ya Zohali huja siku ya Jua. Msomaji akihesabu vivyo hivyo kuanzia Jua, atafika kwenye Mwezi. Kuanzia Mwezi, atafika kwenye Mirihi. Siri yote ni kwamba 24 ukiigawa kwa 7 hubaki 3.

Waingereza walipoupokea mpangilio huu walibadilisha miungu wanne wa Kirumi kwa wao wenyewe, Tiwi, Wodeni, Thori na Friga, wakamwacha Saturni peke yake kwenye Jumamosi.

Kiswahili hakikuingia katika mkondo huo. Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa, Jumapili ya pili, na hesabu huendelea hadi Jumatano. Alhamisi ni neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano, na Ijumaa ni siku ya mkusanyiko. Mtu asivutwe na ukweli kwamba hesabu ya Dio nayo yaweza kuanzia Jumamosi: yetu huanzia pale kwa sababu ya sala ya Ijumaa, si kwa sababu ya Saturni. Tabia hii ya kuhesabu ina mizizi, kwani hata miezi ya Kiislamu baada ya Ramadhani huitwa mfunguo mosi, mfunguo pili na kuendelea.

Miezi ya jua ni habari nyingine. Januari ni ya Yanusi, mungu wa milango mwenye nyuso mbili. Machi ni ya Marsi, mungu wa vita. Juni, kwa maelezo yaliyozoeleka, ni ya Yuno. Julai na Agosti ni za watawala, Julio Kaisari na Augusto, ambao Warumi waliwatangaza kuwa miungu baada ya kufa. Anayeandika tarehe ya barua huwataja bila kuwajua.

Katika sayari, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali zimetoka Kiarabu, na Zuhura lina asili ya maana ya mng'ao. Kwa hiyo mfasiri wa visa vya Kirumi anayeandika “mungu Zuhura” anachanganya nyota na mungu, aandike Venusi. Uranusi na Neptuni, zilizogunduliwa 1781 na 1846, zilikuja na miungu wao waziwazi, kwa kuwa hazikuwa na jina la Kiarabu la kale.

Iliyobaki ni Zebaki, nayo ndiyo yenye mafunzo zaidi. Jina la kale lililotujia kwa Kiarabu ni Utaridi. Zebaki ni madini ya majimaji, na katika Kiarabu madini hayo hayashiriki jina na sayari. Ni katika lugha za Ulaya ambamo madini yalipewa jina la sayari, na sayari jina la Merkuri, mjumbe wa miungu mwenye mbio. Aliyeiita sayari “Zebaki” alitafsiri neno la Ulaya kwa maana yake ya madini. Herufi zote ni za Mashariki, ila sababu ya kuunganisha madini na sayari ni mungu wa Kirumi asiyetajwa popote. Kwa maoni yetu, kamusi inayotoa Zebaki kama jina la sayari ingepaswa kuweka Utaridi kando yake, ili mwanafunzi asidhani kuwa sayari hiyo imeumbwa kwa zebaki.