Grometi: Hewa Nyuma ya Ngoma ya Sikio

Mtoto wa miaka 4 anaitwa mara tatu haitiki. Runinga huiongeza sauti, na maneno yake hayajanyooka kama ya wenzake. Kwa kuwa haumwi sikio wala hana homa, nyumbani anaonekana mkaidi, na wengine huadhibiwa bure kwa jambo hili. Daktari wa masikio, pua na koo akimchungulia, hukuta ute mzito umejaa nyuma ya ngoma ya sikio.

Chanzo ni kukosa hewa. Nyuma ya ngoma kuna uwazi mdogo unaopata hewa kupitia mrija unaoanzia nyuma ya pua. Kwa mtoto, mrija huo ni mfupi na umelala, na mafua au nyama za nyuma ya pua zikivimba huziba upesi. Hewa iliyobaki ndani hufyonzwa na mwili, ngoma huvutwa ndani, na majimaji hujikusanya. Ngoma iliyolemewa hivyo haitikisiki vizuri, na mtoto husikia kama aliyejiziba masikio kwa vidole.

Mara nyingi ute huo huisha wenyewe, kwa hiyo daktari mwangalifu hungoja miezi 3 kisha hupima usikivu tena. Antibiotiki haziuondoi. Ute ukibaki masikio yote mawili, na usikivu umepungua kwa desibeli 25 hadi 30 au zaidi, ndipo grometi hufikiriwa.

Grometi ni kijimrija cha milimita chache tu. Mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, daktari akiangalia kwa darubini hupasua tundu dogo kwenye ngoma, hufyonza ute na kukipachika. Masikio yote mawili huchukua kama dakika 15, na kwa kawaida mtoto hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Wazazi wengi hudhani kijimrija ni cha kutolea ute. Kazi yake kubwa ni kuingiza hewa, mpaka mrija wa mtoto mwenyewe ukomae.

Siku za mwanzo mtoto anaweza kushtushwa na sauti za kawaida: maji ya bomba, honi ya pikipiki. Maumivu ni madogo, parasetamoli hutosha. Usikivu hurudi haraka, lakini matamshi huhitaji miezi ya kuzungumza naye uso kwa uso.

Sikio likitoa usaha baadaye, grometi haijaharibika. Matone ya siprofloksasini hufanya kazi kuliko dawa ya kumeza. Usitumie matone yoyote yaliyobaki kabatini, maana mengine, kama ya jentamaisini, yakipenya tunduni yanaweza kudhuru sikio la ndani. Kuogelea juujuu kunaruhusiwa baada ya wiki chache. Maji ya sabuni na kupiga mbizi ndivyo vya kuepuka.

Baada ya miezi 6 hadi 12 hivi, ngoma huisukuma grometi nje na tundu hujifunga. Kwa watoto wachache halijifungi, na huzibwa baadaye. Wengine ute huwarudia. Hapo daktari anaweza kuweka grometi nyingine na kuondoa zile nyama za nyuma ya pua.