Je, wajua? Simu mbili zikigongana, anayeshinda si lazima awe aliyeandika mwisho

Milima ya Usambara haina huruma na mawimbi ya simu. Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni juu ya nyika ya Mkomazi, kimeinuka wazi. Ukishuka mabondeni, mgongo mmoja tu wa mlima unatosha kukata mtandao. Kwa mazingira kama hayo zimebuniwa programu zinazohifadhi kila kitu ndani ya simu kwanza, kisha kupeleka kwenye seva mtandao ukipatikana. Mradi wa Jamii ni Afya wa Zanzibar unatumia programu ya namna hiyo, iliyojengwa juu ya hifadhidata iitwayo CouchDB. Watu wengi hudhani kuwa simu mbili zikibadilisha rekodi moja kabla ya kukutana na seva, mabadiliko ya mwisho ndiyo yatakayobaki. Sivyo, na kinachotokea hasa ndicho kinachopaswa kupimwa kabla programu haijafika kijijini.

Tuchukue mfano wa kubuni katika wilaya ya Lushoto. Rekodi ya mtoto iko kwenye simu ya muuguzi wa zahanati na pia kwenye simu ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, zote zikiwa na toleo la 3. Mtoto anafikisha wiki 10, muuguzi anamchoma Penta ya pili na kuandika: toleo lake linakuwa la 4. Siku hiyohiyo asubuhi mhudumu, akiwa bondeni, alikuwa amebadilisha namba ya simu ya mama, akagundua amekosea tarakimu, akairekebisha: kwake ni toleo la 5. Jioni simu zote zinapata mtandao. CouchDB haikatai lolote; inapokea matawi yote mawili, kisha inachagua lenye historia ndefu zaidi. Yakilingana urefu, inalinganisha herufi za alama ya toleo na kuchukua iliyo kubwa. Saa haiulizwi kabisa. Ukiiuliza seva kwa `?conflicts=true` mwishoni mwa anwani ya rekodi, utapata jibu la namna hii (alama zimefupishwa):

```
{"_id": "mtoto-17",
 "_rev": "5-d20c",
 "penta2": null,
 "_conflicts": ["4-91ab"]}
```

Chanjo aliyoiandika muuguzi haijafutwa. Imelala ndani ya `4-91ab`. Lakini skrini ya kawaida haiionyeshi, kwa hiyo programu itamhesabu mtoto kuwa amekosa dozi, na hakuna ujumbe wa hitilafu utakaomshtua mtu.

Mtu atauliza: kwa nini tusiamini saa, aliyeandika baadaye ashinde? Kwanza, saa ya simu huweza kuwa imepotoka, hasa simu iliyozimika na kuwashwa mahali pasipo mtandao. Pili, hata saa zikiwa sahihi, namba ya mama na chanjo ya mtoto hazipingani. Kuchagua moja ni kupoteza nyingine bila sababu. Kanuni ya CouchDB inaonekana ya kipuuzi, lakini ina sifa moja kubwa: kila kifaa kitafikia mshindi yuleyule bila kushauriana. Kazi ya kuunganisha yaliyomo inabaki kwa mtengenezaji wa programu, na wapo wanaoisahau.

Wengine husema basi tulinganishe matawi yote mawili na toleo la 3, tuchukue kilichobadilika kila upande. Ni njia nzuri, ila CouchDB haiahidi kutunza toleo la 3. Hifadhidata ikibanwa ili kupunguza ukubwa, maudhui ya matoleo ya zamani hutupwa, zikabaki ncha za matawi tu. Kwa maoni yangu, dawa bora iko mapema zaidi: kila chanjo iwe rekodi yake, inayoongezwa bila kugusa rekodi ya mtoto. Mgongano wa mfano wetu hautatokea tena. Hata hivyo dozi moja inaweza kuandikwa mara mbili na watu wawili, na hilo linahitaji ukaguzi wake.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Chukua simu mbili zenye rekodi moja, ziweke zote katika hali ya ndege, ya pili urudishe saa yake nyuma siku moja. Hariri sehemu tofauti katika kila simu. Iunganishe ya kwanza, kisha ya pili. Rudia ukianza na ya pili, kisha rudia ukikata mtandao katikati ya usawazishaji. Jaribu pia kufuta upande mmoja na kuhariri upande mwingine: katika CouchDB tawi lililofutwa hushindwa na lililo hai, hivyo rekodi uliyoifuta itafufuka. Baada ya kila zamu, simu zote mbili zionyeshe kitu kimoja, na kila thamani uliyoandika ionekane mahali fulani, hata kama ni kwenye orodha ya kuamuliwa na msimamizi. Programu ikishindwa jaribio hili mezani, isipelekwe kwa wahudumu.