Tone la Pakingi na Tone la Sili

Kwenye shamba moja la mboga katika bonde la Ruvu nilimkuta kijana wa pampu ameshika spana, uso umekunjuka kama mtu aliyemaliza kazi yake mapema. Tangu asubuhi maji yalikuwa yanadondoka pale shafti inapoingia kwenye pampu. Sasa yalikuwa yamekatika kabisa, kwa sababu alikaza nati mbili za pale mpaka spana ikagoma. Fundi alipofika alinusa hewa kwanza, akasogeza kiganja karibu na shafti, akakirudisha haraka na kuagiza mtambo uzimwe.

"Nani alikwambia yale maji ni ubovu?" akauliza.

"Babu, si yalikuwa yanavuja?"

Kijana hakuwa mzembe. Ukiona mashine inadondosha maji, mkono wenyewe hutafuta cha kukaza. Lakini shafti ya pampu huzibwa kwa njia mbili tofauti, na tone ambalo kwa njia moja ni dalili ya uzima, kwa nyingine ni dalili ya kuharibika. Kabla ya kugusa spana, lazima ujue uko mbele ya ipi.

Pampu ya shamba lile ilikuwa ya pakingi. Hii ni kamba ya mraba iliyosukwa kwa pamba, grafaiti au nyuzi za tefloni, kisha ikashibishwa mafuta. Hukatwa vipande, kila kimoja kikawa pete, na pete nne au tano hupangwa ndani ya kikombe kinachoizunguka shafti. Kipande cha chuma kiitwacho glandi huzisukuma kwa nati mbili. Zikibanwa, pete hutanuka kwa upande na kuikumbatia shafti.

Kukumbatia huko kuna msuguano. Shafti ile ilikuwa na kipenyo cha milimita 50 na ilizunguka mara 1,450 kwa dakika, maana yake uso wake ulipita juu ya pakingi karibu mita 3.8 kila sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia, saa zote ambazo pampu inafanya kazi. Kinachoiokoa kamba isiungue ni yale maji machache yanayopenya katikati, yakilainisha na kuondoka na joto. Kwa pampu ya maji ya ukubwa huo, mafundi wengi huacha matone 40 hadi 60 kwa dakika. Ukihesabu matone 20 kwa mililita moja, matone 60 kwa dakika ni kama lita 4.3 kwa siku nzima, haijai ndoo ndogo. Uvujaji wa kukutia wasiwasi ni ule wa mfululizo: bilauri moja ya mililita 250 kila dakika ni lita 360 kwa siku.

Glandi ilipofunguliwa, pete za mbele zilikuwa zimekauka na kung'aa kama kioo cheusi. Fundi alizitoa zote, hata zile za ndani zilizoonekana nzima, kwa sababu pete mpya haikai vizuri juu ya kuukuu. Kisha akapitisha ukucha juu ya slivu, yaani ala ya chuma inayoivika shafti mahali pa pakingi. Ukucha ukanasa kwenye mfereji. Hapo ndipo hasara ya kukaza inapojificha: pakingi iliyokauka, ikishirikiana na mchanga wa mto, huila slivu, na juu ya slivu iliyoliwa hata pakingi mpya ya bei ghali itavujisha ndani ya siku chache. Slivu ikabadilishwa.

Unene wa kamba haukadiriwi kwa macho. Kikombe kilikuwa na kipenyo cha milimita 75. Toa 50 za shafti, gawa kwa mbili, unapata 12.5. Kila pete iliingizwa peke yake, na maungio yakapishanishwa robo mzunguko ili maji yasipate njia moja iliyonyooka. Nati zikafungwa kwa vidole tu. Pampu ikawashwa na kuachwa ivujishe kwa wingi kama dakika 15, jambo lililomtesa mwenye shamba kulitazama. Baada ya hapo kila nati ilikazwa sehemu moja ya sita ya mzunguko, zote mbili sawasawa, wakasubiri tena, wakarudia. Kazi ya kukaza peke yake ilichukua zaidi ya saa nzima.

Wakati wa kusubiri ndipo mwenye shamba alipouliza swali la busara: kwa nini wasiweke sili, kama ile ya pampu yake ya nyumbani isiyodondosha kitu?

Sili haina kamba. Ina pete mbili ngumu zinazotazamana, moja imekaa kwenye pampu na nyingine inazunguka na shafti, springi ikizishikanisha. Mara nyingi moja ni ya kaboni na mwenzake wa kauri. Nyuso zake husuguliwa zikanyooka kiasi kwamba utando wa maji unaobaki katikati haufiki hata sehemu moja ya 50 ya unene wa unywele. Kwa hiyo sili nzima huonekana kavu. Ikianza kudondosha mfululizo, hakuna nati ya kukaza. Inabadilishwa, na kwa pampu nyingi hilo ni kufungua kapulingi na kuichomoa hata impela.

Utando ule mwembamba ndio nguvu yake na ndio udhaifu wake. Pampu ikizungushwa bila maji hata kwa muda mfupi, nyuso hupata joto kali, na maji yakiingia ghafla kauri hupasuka. Ukikuta vumbi jeusi la kaboni karibu na shafti, sili imezunguka kavu. Mikwaruzo ya duara usoni ni mchanga. Alama ya msuguano iliyo pana kuliko uso wenyewe inakwambia shafti inayumba, pengine beringi zimechoka, na sili mpya utakayoweka juu yake itakufa vilevile.

Fundi hakuikataa sili. Alisema pampu ya dizeli pale pale shambani lazima iwe nayo, maana tone la dizeli sakafuni ni hatari ya moto. Pampu ya maji safi inayojiwasha usiku bila mtu pia inafaa sili, kwa kuwa pakingi inataka macho ya mtu. Lakini maji ya Ruvu wakati wa masika hubeba mchanga na tope. Zipo sili za nyuso ngumu zote mbili zinazouvumilia mchanga, ila bei yake ni kubwa, na nazo hazisamehe kuzungushwa kavu. Halafu kuna namna ya kufa. Pakingi hukuaga polepole, tone likiongezeka wiki hadi wiki, nawe unaweza kumalizia msimu. Sili inaweza kukata ghafla, na miche ya nyanya haisubiri kipuri kutoka mjini.

Kwa maoni yangu alikuwa sahihi, kwa sababu pale palikuwa na mtu wa kuangalia. Alichoongeza ni bomba jembamba kutoka kwenye tangi la maji yaliyotulia, lenye presha inayozidi kidogo ile ya ndani ya kikombe. Liliingia kwenye pete yenye matundu iliyopangwa katikati ya pakingi, ili maji safi yausukume mchanga nje kabla haujaifikia slivu.

Jioni kijana aliweka simu yake juu ya msingi wa pampu, akawasha saa, akachuchumaa kuhesabu. Alipata 52. Spana ilikuwa imetundikwa ukutani, nyuma yake.