Uundaji wa Majina Mapya ya Miji kwa Uwezekano wa Herufi: Mfano wa Makao Makuu ya Mikoa ya Tanzania Bara

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili akionyeshwa majina Kigoro, Morogoma na Somtwa, na kuambiwa kuwa yote ni majina ya miji, yumkini atayakubali mawili ya kwanza bila kuuliza na kusita kwa lile la tatu. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililochukuliwa katika ramani. Yote yametokana na hesabu moja nyepesi, inayouliza swali lile lile kila mara: baada ya herufi hii, ni herufi ipi hufuata, na hufuata mara ngapi? Makala haya yanaeleza jinsi hesabu hiyo inavyofanywa, na yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti kati ya Kigoro na Somtwa inatokana na urefu wa kumbukumbu ambayo hesabu imepewa. Kumbukumbu ikiwa fupi, jina huvunja utaratibu wa silabi. Ikiwa ndefu, hesabu huacha kubuni na kuanza kunakili.

Njia yenyewe si ngeni. Mwaka 1913 mwanahisabati Mrusi A. A. Markov alichukua herufi 20,000 za mwanzo za utenzi wa Pushkin, Yevgeni Onegin, akazigawa katika irabu na konsonanti. Alipata irabu 8,638, na akaonyesha kwamba uwezekano wa irabu kufuatwa na irabu nyingine ulikuwa 0.128 tu. Mwaka 1948 Claude Shannon aliigeuza hesabu hiyo: badala ya kupima maandishi yaliyopo, alitumia vipimo hivyo kuzalisha maandishi mapya. Kinachofanywa hapa ni kazi ya Shannon katika uwanja mdogo zaidi, yaani jina moja moja la mahali.

2.0 Orodha na hesabu

Tanzania Bara, baada ya mkoa wa Songwe kuundwa mwaka 2016, ina mikoa 26. Ukiacha Dar es Salaam, ambalo ni jina la maneno matatu, makao makuu ya mikoa hiyo yanatoa majina 25: Arusha, Babati, Bariadi, Bukoba, Dodoma, Geita, Iringa, Kibaha, Kigoma, Lindi, Mbeya, Morogoro, Moshi, Mpanda, Mtwara, Musoma, Mwanza, Njombe, Shinyanga, Singida, Songea, Sumbawanga, Tabora, Tanga na Vwawa. Orodha hii ni ndogo mno kwa kazi halisi, lakini udogo wake una faida: kila tarakimu inayotajwa hapa chini inaweza kuhakikiwa kwa kalamu na karatasi.

Kila jina huwekewa alama # mwanzoni na mwishoni. Alama hiyo huhesabiwa kama herufi, kwani bila hiyo hesabu haiwezi kujua jina lianzie wapi wala likomee wapi. Kisha huandikwa kila jozi. Katika Tanga, kwa mfano, # inafuatwa na t, t na a, a na n, n na g, g na a, na a na #. Jozi za majina yote zikijumlishwa hupatikana jedwali. Huonekana kuwa majina 7 kati ya 25 yanaanza kwa m. Kwamba herufi a inatokea mara 34 na katika mara hizo 19 inamaliza jina. Na kwamba n inatokea mara 11, sita kati ya hizo ikifuatwa na g.

Kuunda jina ni kama kuchota vikaratasi kikapuni. Kikapu cha # kina vikaratasi 25, saba vikiwa na herufi m. Ikichotwa m, mchotaji huhamia kikapu cha m, chenye vikaratasi 12: a vitatu, b vitatu, o viwili, na p, t, u na w kimoja kimoja. Huendelea hivyo mpaka ichotwe #. Uwezekano wa jina zima ni zao la uwezekano wa hatua zake zote.

3.0 Kumbukumbu ya herufi moja

Katika hesabu hii ya kwanza, inayoweza kuitwa daraja la kwanza, kila herufi huchaguliwa kwa kutazama herufi moja tu iliyotangulia. Mtu angetarajia fujo, lakini fujo ni chache. Orodha yetu ina irabu 69. 25 ziko mwisho wa majina, na kati ya 44 zilizobaki ni tatu tu zinazofuatwa na irabu nyingine (Geita, Songea, Bariadi). Hakuna jina linaloishia kwa konsonanti, kwa hiyo jina lolote litakaloundwa litaishia kwa irabu. Silabi wazi za lugha za Kibantu zimeifanyia hesabu sehemu kubwa ya kazi yake.

Palipo na tatizo ni kwenye nazali, hasa m. Katika orodha hii herufi hiyo moja inafanya kazi tatu zilizo tofauti. Katika Dodoma ni konsonanti ya kawaida mbele ya irabu. Katika Njombe na Sumbawanga ni nusu ya mb. Katika Mtwara ni silabi peke yake, nayo imesimama mwanzoni mwa neno. Daraja la kwanza halijui m iliyo mbele yake ni ipi kati ya hizo, hivyo huipa t nafasi ya 1/12 baada ya m yoyote, popote ilipo. Hapo ndipo Somtwa linapozaliwa: s, o na m zimefuata njia ya Musoma, kisha m ikageuka kuwa ile ya Mtwara. Kila jozi ndani ya jina hilo ni halali. Kilicho haramu ni mpangilio wa herufi tatu, omt.

Kuna dalili nyingine ya kumbukumbu fupi. Majina halisi hayapewi uzito wowote wa pekee. Uwezekano wa daraja la kwanza kuitoa Kigoma, ambayo imo katika orodha yenyewe, ni takriban mara 1 katika 27,500.

4.0 Kumbukumbu ya herufi mbili

Daraja la pili hutazama herufi mbili zilizotangulia. Baada ya om sasa kuna njia mbili tu: a mara tatu (Dodoma, Kigoma, Musoma) na b mara moja (Njombe). Njia ya t imefungwa, na Somtwa haiwezekani tena. Hata hivyo njia nyingine zimebaki wazi, na yafaa kuifuata moja hatua kwa hatua.

Jina linaanza kwa k mara 2 kati ya 25. Baada ya #k huja i bila budi. Baada ya ki huja g au b, nusu kwa nusu. Ikija g, ig inadai o. Sasa tumefika go, na hapa Kigoma na Morogoro zinakutana: baada ya go huja m au r, nusu kwa nusu. Ikichotwa r, baada ya or huja o kwa 2/3 (a ya Tabora ina 1/3), na baada ya ro jina hukoma kwa 1/2. Hivyo:

P(Kigoro) = 2/25 × 1/2 × 1/2 × 2/3 × 1/2 = 1/150

Mwenzake Morogoma, aliyevuka daraja hilo hilo la go kutoka upande wa pili, ana 1/200. Kigoma yenyewe sasa ina 3/200. Jina halisi na jina la kubuni yamekaribiana kwa uzito, na hiyo ndiyo hali inayotafutwa. Inafaa kutaja pia Moro, lenye 1/75, kifupisho ambacho wasemaji wamekwisha kuiundia Morogoro bila msaada wa hesabu yoyote.

5.0 Kumbukumbu ya herufi tatu

Huenda ikadhaniwa kwamba herufi tatu zitaboresha zaidi. Kwa orodha hii haziboreshi. Ndani ya majina yote 25, mbali na mianzo yao, ni vikundi sita tu vya herufi tatu vinavyofuatwa na zaidi ya herufi moja: awa, ing, mbe, oro, shi na wan. Majina 15 hayapiti katika kikundi chochote kati ya hivyo, na kwa hiyo kila moja likianza kipekee litamalizika kama lilivyo katika orodha. Ukijumlisha uwezekano wote, 78 kati ya kila majina 100 yatakayoundwa yatakuwa nakala tupu. Mapya ni machache kiasi cha kuorodheshwa: Iringida, Singa, Shi, Moshinyanga, Sumbawa, Sumbawanza, Vwawanga, Vwawanza, Mwanga, Mbe na Njombeya, pamoja na Moro na ndugu zake warefu wa namna ya Morogorogoro.

Katika hayo Mwanga ni la pekee, kwa kuwa mji wa Mwanga upo kweli mkoani Kilimanjaro, ingawa haumo katika orodha. Hiki ndicho kipimo kizuri kuliko sikio la mtafiti: kuficha majina halisi, kisha kuuliza hesabu inayapa uzito gani. Mwanga linapata 1/50 katika daraja la tatu na 4/625 katika la pili. Manyoni, kwa upande mwingine, linapata sifuri katika madaraja yote. Sababu ni kwamba katika majina yetu 25 n haifuatwi na irabu hata mara moja. Newala na Nachingwea nayo hayawezi kuzaliwa.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kuongeza 1 katika kila jozi ili pasiwe na sifuri. Kiswahili kikihesabiwa kuwa na herufi 24, pamoja na alama ya mwisho, kikapu cha n kitaongezewa vikaratasi 25 juu ya 11 vilivyokuwamo. Manyoni litawezekana, lakini n kufuatwa na k, au n kumaliza jina, kutawezekana sawasawa na n kufuatwa na i, na vikaratasi vya kubuni vitavizidi vya kweli. Nyongeza iliyo ndogo sana hupunguza madhara hayo bila kuondoa dosari ya msingi, yaani kuzitendea herufi zote sawa. Kuongeza majina halisi ni njia ya polepole zaidi, ila haidanganyi.

6.0 Sikio la mwenyeji

Lipo swali ambalo ukubwa wa orodha hauwezi kulijibu. Vwawanza lina silabi safi, lakini mwanzo wake ni wa Mbozi na mwisho wake ni wa pwani ya Ziwa Viktoria. Mtu wa huko au wa huku atahisi kwamba halina kwao. Orodha imechanganya lugha nyingi na kuzifanya moja.

Tuseme basi yachukuliwe majina ya kanda ya Ziwa peke yake: Mwanza, Musoma, Bukoba, Geita, Shinyanga na Bariadi. Katika daraja la tatu hakuna jina jipya hata moja. Katika daraja la pili njia hugawanyika, mbali na mianzo, katika sehemu mbili tu, an na ba, na majina mapya ni manne: Ba, Bukobariadi, Mwanga na Shinyanza. Mawili ya kwanza, moja fupi mno na jingine refu mno, yatatupwa. La nne lina nyanza ndani yake, neno ambalo katika lugha za eneo hilo humaanisha ziwa, na hesabu imelipata kwa kuunganisha nya ya Shinyanga na nza ya Mwanza. Kwa mwenyeji neno hilo lina maana; kwa hesabu ni a iliyofuatwa na n, kisha z badala ya g, kwa uwezekano wa nusu.