Karatasi ya Ruhusa (Sehemu ya Pili): Mzee na Mpira wa Mkojo

Tumchukulie mzee wa Sekenke, mchimba dhahabu wa zamani, aliyeruhusiwa hospitalini akiwa na mpira wa mkojo. Karatasi yake imeandikwa Kiingereza, na msomaji wa nyumbani ni mjukuu aliye sekondari.

Mstari wa kwanza unataja tezi dume, na pembeni yake neno linalosomwa binaini: tezi imetanuka, lakini si saratani. Mzee akisikia hivyo hushusha pumzi, akaona yamekwisha. Bado. Daktari amesema tezi hii haisambai mwilini, hakusema haidhuru. Tezi dume imezunguka njia ya mkojo chini kidogo ya kibofu, na ikinenepa huibana.

Linalofuata ni kroniki, ambalo wengi hudhani ni ugonjwa mkali. Linahusu muda. Mkojo ukiziba ghafla, mtu hulia kwa maumivu na hupelekwa hospitali usiku huohuo. Ukibaki kidogo kidogo kwa miezi, kibofu hutanuka taratibu wala hakiumi. Mzee anaona anakojoa kama kawaida, tena mara nyingi, pengine hata kitandani. Kumbe kibofu kimejaa na kinachotoka ni ziada tu. Shinikizo la kibofu hicho hurudi nyuma hadi kwenye figo. Ndiyo maana amewekewa mpira ingawa hakulalamika maumivu, na ndiyo maana asiuchomoe eti amepata nafuu.

Kisha folo-apu, na mbele yake 2/52. Hii si tarehe. Mwaka una wiki 52, hivyo ni wiki mbili. Siku mbili zingeandikwa 2/7, na miezi miwili 2/12. Hapo pa mwisho ndipo panapopoteza watu, kwani mjukuu yeyote atasoma tarehe 2 Desemba. Mazoea haya ya waganga yangeachwa tu. Kuandika tarehe hakuchukui wino mwingi. Siku hiyo ya kurudi hospitalini mpira hukaguliwa, figo hupimwa kwa damu, na upasuaji hujadiliwa. Lakini mpira ukiacha kutoa mkojo, tumbo la chini likajaa, au homa ya kutetemeka ikaanza, asisubiri wiki ziishe.

Mwisho ni kontraindiketedi, yaani dawa ambazo kwa hali yake asipewe: sudoefedrini na klorofeniramini. Ya kwanza hukaza mlango wa kibofu, ya pili hulegeza msuli unaosukuma mkojo. Mpira ukishatolewa, vidonge vichache vya mafua vyaweza kumzibia tena. Wala dukani hataziona kwa majina hayo kwa herufi kubwa. Klorofeniramini ndiyo piritoni ya kila nyumba, na sudoefedrini hujificha ndani ya dawa za mafua zenye mchanganyiko, ikitajwa kwa maandishi madogo nyuma ya boksi. Basi ampe muuzaji karatasi yenyewe kabla ya kutaja mafua.