Sukari ya Ugali na Kuta Tatu za Seli

Wanga wa ugali ulioliwa mchana huvunjwa hadi kuwa glukosi, na glukosi hiyo haiingii kwenye damu bila kupita ukuta wa utumbo mwembamba. Ukuta huo umefunikwa na safu moja tu ya seli. Safu ya namna hiyo, wataalamu huiita epithelia sahili, na umbo la seli zake hutegemea kazi iliyopo.

Utumboni seli ni za nguzo: ndefu, nyembamba, zimebanana, na kiini cha kila moja kimekaa karibu na kitako. Upande unaogusa chakula zimeota vijinyuzi vidogo mno vinavyoongeza eneo la kunyonya. Kuvuta glukosi ni kazi inayokula nishati, na urefu huo ndio unaoipa seli nafasi ya kuweka mitambo yake. Zinachakaa upesi, baada ya siku chache tu nyingine zimeshika nafasi zao. Seli za nguzo zimo pia tumboni, na kwenye mirija ya uzazi, ambako baadhi yake zina vinyweleo vinavyosaidia kusogeza yai.

Ikishavuka hapo, glukosi huingia kapilari. Ukuta wa kapilari ni wa seli bapa, nyembamba kama yai la kukaanga, kiini kikituna katikati. Sehemu kubwa ya seli haifiki hata maikromita 1 kwa unene. Seli hizi hazijaumbwa kwa kazi nzito, ila hupitisha vitu haraka, na ndiyo maana vifuko vya hewa vya mapafu vimetandikwa seli za aina hiyo. Msuguano haziuwezi kabisa. Ngozi inahitaji tabaka nyingi.

Damu ikifika kwenye figo, kapilari huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, glukosi ikiwemo. Mwili ungeipoteza yote kama si seli za mchemraba zilizozunguka vijifereji vya figo. Kimo na upana wake vinakaribiana, kiini ni cha duara katikati. Zile za mwanzo wa kijifereji hurudisha karibu glukosi yote kwenye damu. Seli za mchemraba hupatikana pia katika tezi ya shingo, na huko hurefuka tezi inapochochewa sana.

Uwezo wa figo una kikomo. Sukari ya damu ikizidi takriban miligramu 180 kwa desilita, vibebaji vya glukosi kwenye seli hizo hujaa, na inayobaki huteremka na mkojo ikivuta maji. Ndiyo sababu mgonjwa wa kisukari hukojoa mara kwa mara na kushikwa na kiu. Kwa mjamzito kikomo hicho huweza kushuka, sukari ikaonekana kwenye mkojo ilhali ya damu ni ya kawaida. Hivyo kipimo cha mkojo hakitoshi, damu nayo lazima ipimwe.