Binti ana msamiati mzuri, mbona insha imekwama kwenye 6?

Katika familia nyingi zenye kijana anayetaka kwenda Uingereza kufanya kazi ya uuguzi, mtihani wa Kiingereza wa IELTS huwa ndiyo mlango wa kwanza. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza linataka mwombaji apate alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza. Katika kuandika linakubali 6.5, baada ya kushusha kiwango kutoka 7 mwezi Desemba 2018.

Hata baada ya kushushwa, sehemu ya kuandika inaendelea kukwamisha watu. Muuguzi anafaulu sehemu tatu, kisha anarudi na 6.0 ya uandishi. Nyumbani ushauri unaotolewa huwa mmoja: ajifunze maneno magumu zaidi. Mara nyingi ushauri huo unatibu mahali pasipouma, kwa sababu msamiati ni robo tu ya alama za insha.

Alama nne, uzito sawa

Mtihani wa kuandika huchukua dakika 60 na una kazi mbili. Kazi ya kwanza, katika mtihani wa kitaaluma, ni kueleza takwimu au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150. Ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250. Insha ina uzito mara mbili ya kazi ya kwanza.

Mtahini hasomi insha na kutoa alama moja kwa hisia. Anatoa alama nne. Ya kwanza ni ya kujibu swali, ya pili ni ya mpangilio na mtiririko, ya tatu ni ya msamiati, na ya nne ni ya sarufi. Kila moja hutolewa kwa namba kamili kati ya 0 na 9, na kila namba ina maelezo yake yanayosema insha ya kiwango hicho inafananaje. Ngazi hizo huitwa bendi. Maelezo yake yametolewa kwa umma, hivyo familia inaweza kuyasoma bila kulipa. Mwisho, alama nne hujumlishwa na kugawanywa kwa nne.

Insha moja, safu kwa safu

Tuchukue mfano wa muuguzi aliyepewa swali hili: wapo wanaosema serikali itumie fedha zaidi kutibu wagonjwa, na wapo wanaosema itumie zaidi kuzuia magonjwa. Jadili pande zote mbili na utoe maoni yako.

Insha yake ina aya nne. Aya tatu zinasifu kinga: chanjo, maji safi, vyandarua. Upande wa tiba umepata sentensi moja. Maoni yake hayaonekani hadi mstari wa mwisho, nao unasema tu kwamba mambo yote mawili ni muhimu.

Katika kujibu swali anapata 5. Swali lilikuwa na sehemu tatu, yaani upande wa tiba, upande wa kinga na msimamo wa mwandishi, naye amejibu moja vizuri. Kuijua sana mada ya kinga hakukumsaidia, maana mtahini anapima kilichoulizwa.

Katika mtiririko anapata 6. Aya zimepangwa na zinaeleweka, lakini karibu kila sentensi inaanza na kiungo alichokariri, kama vile "zaidi ya hayo", "kwa upande mwingine" na "kwa hiyo". Hiki cha mwisho amekiweka hata mahali ambapo sentensi ya pili haitokani na ya kwanza. Maelezo ya bendi ya 6 yanalitaja kosa hilo: viungo vinavyotumika kimashine. Katika bendi ya 7 msomaji anaona wazo moja likizaa jingine, na viungo vinakuja pale tu vinapohitajika.

Katika msamiati anapata 7. Anajua kutofautisha maambukizi na mlipuko, anatumia maneno ya taaluma mahali pake, na makosa ya tahajia ni machache.

Katika sarufi anapata 6. Anachanganya sentensi fupi na ndefu, ila makosa ni mengi, na mengi yanatokana na lugha yake ya kwanza. Kiswahili hakina vile vineno vidogo vinavyotangulia nomino za Kiingereza, kwa hiyo anavisahau. "Yeye" yetu ni ya mwanamume na mwanamke, kwa hiyo daktari wa kike anageuka mwanamume katikati ya aya. Na kwa kuwa sisi husema vifaa na habari nyingi, anayawekea wingi maneno ambayo kwa Kiingereza hayana wingi.

Jumla ni 24, ukigawa kwa nne unapata 6. Tuseme kazi ya kwanza ilipata 6.5. Ukiihesabu insha mara mbili, wastani unakuwa kama 6.2, ambao unamwacha kwenye 6.0.

Pa kupandisha

Akikariri maneno magumu miezi mitatu, huenda msamiati ukabaki 7 ileile, kwa sababu bendi ya 8 inataka maneno yatumike kwa wepesi na usahihi mkubwa zaidi. Neno zito likikaa pabaya linaweza hata kumshusha.

Lakini akiipa tiba aya yake, akataja msimamo tangu utangulizi na kuushikilia hadi mwisho, na kila hoja akaifuata na sababu na mfano, safu ya kwanza inaweza kutoka 5 hadi 7. Jumla inakuwa 26, insha inapata 6.5, na uandishi wote unafika 6.5 inayotakiwa, bila yeye kujifunza neno jipya hata moja.

Mzazi anaweza kuangalia nini

Mzazi hawezi kutoa bendi. Hiyo ni kazi ya mtahini aliyefunzwa, na hata walimu wazoefu hutofautiana. Ila anaweza kugundua safu inayovuja. Kabla ya kusoma insha, asome swali na kuhesabu limeuliza mambo mangapi, kisha atafute kila jambo limejibiwa katika aya ipi. Jambo lisilo na aya ndilo pengo la kwanza. Baadaye apigie mstari maneno yanayoanza kila sentensi, na viungo vilivyokaririwa vitajitokeza vyenyewe.

Kwa sarufi, mtu anayejua Kiingereza vizuri ahesabu sentensi zisizo na kosa lolote. Bendi ya 7 inataka ziwe zinaonekana mara kwa mara, na ya 8 inataka ziwe nyingi kuliko zenye makosa. Zikiwa tatu kati ya kumi, kazi bado ipo.

Jambo jingine la kuangalia ni insha za kukariri. Vipo vituo vinavyouza utangulizi ulioandikwa tayari wa kuingiza katika mada yoyote. Watahini hufunzwa kuutambua, na maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye swali nayo hayahesabiwi. Insha inayoonekana kuwa na maneno 260 inaweza kubaki na 200 ya mwandishi mwenyewe, na hapo hoja hukosa nafasi ya kuelezwa.

Matokeo yakionekana kuwa si ya haki, mtahiniwa anaweza kuomba yasahihishwe upya ndani ya wiki sita. Hulipia, na fedha hurudishwa alama ikipanda. Kabla ya kulipa, inafaa kwanza kuzipitia insha zake za mazoezi kwa safu zote nne. Kama zote zinaacha sehemu ya swali bila jibu, fedha hiyo itamfaa zaidi akimlipa mwalimu wa kumsahihishia insha.